Antena bapa, Yagi au dishi kwa ruta ya 4G, mnara uko kilomita 7?

Mkulima wa Kilolo
Wakuu habari. Niko kijijini Kilolo, mnara uko juu ya kilima kama kilomita 7 kutoka nyumbani, katikati kuna msitu wa mipaini. Ruta ya 4G ikikaa dirishani intaneti inajikokota, jioni ndiyo kabisa. Dukani nimeonyeshwa antena tatu: bapa ya sentimita 18 yenye kebo mbili, boksi lake limeandikwa nguvu ya 35 dBi, Yagi ndefu yenye vijiti, 12 dBi, na dishi la sentimita 60, ambalo muuzaji anasema ndilo kiboko yao. Nichukue ipi?

Baba Dishi
Dishi, hakuna mjadala. Linakusanya mawimbi yote na kuyaelekeza sehemu moja. Mimi nina kiungo cha 5.8 GHz toka dukani hadi ghalani, dishi kila upande, halijawahi kunisumbua.

Mama Nuru
La kwangu la king'amuzi likisukumwa na upepo kidogo tu picha inaganda. Mtoto akipanda juu ya bati nampigia kelele. Hiyo antena yako itashika na chaneli za michezo?

Fundi Masafa
Mama Nuru, hapana, hapa tunaongelea intaneti ya simu. Ila umegusa jambo la maana. Dishi la king'amuzi lina mwale mwembamba, nyuzi kama 3 hivi, ndiyo maana likisogea kidogo linapoteza.

Mkulima, kabla ya kununua, fungua ukurasa wa ruta utuletee Band, yaani masafa inayotumia, RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayokufikia, na SINR, yaani yalivyo safi dhidi ya kelele na mwingiliano. Bila hizo tunabahatisha.

Mkulima wa Kilolo
Band 20, RSRP -114 dBm, SINR 2 dB. Ruta ina matundu mawili ya antena nyuma.

Fundi Masafa
Band 20 ni 800 MHz, na hapo wimbi moja lina urefu wa karibu sentimita 37. Dishi la sentimita 60 halifikii hata mawimbi mawili kwa upana, kwa hiyo linatoa kama 11 dBi, sawasawa na Yagi, huku likibeba upepo kama tanga. Kwa Baba Dishi, kwenye 5.8 GHz, wimbi ni sentimita 5 tu. Dishi lilelile linafika karibu 28 dBi na mwale wa nyuzi 6. Yuko sahihi kwa kwake, si kwako.

Hiyo bapa ya 35 dBi achana na boksi lake. Kitu cha sentimita 18 kwenye 800 MHz hakifiki hata 10. Bapa ni nzuri mnara ukiwa karibu, au ukitaka kufunika uwanja mzima, kwa sababu mwale wake ni mpana, nyuzi 60 na ushee.

Kwako Yagi. Mwale wake ni kama nyuzi 45, unaelekeza kwa dira bila kuhangaika, na mnara ulio nyuma yako hautaingilia sana. SINR ya 2 inanipa wasiwasi kuliko hata RSRP.

Chukua mbili, moja uilaze nyuzi 45 kushoto, nyingine 45 kulia, kwa sababu minara mingi inarusha hivyo. Halafu kebo: mita 10 za RG58 zinakula kama desibeli 5, karibu nusu ya ulichonunua. Tafuta LMR400, inakula kama 1.3 tu. Ukizipandisha juu ya paa, kutoka -114 tarajia -100 au bora kidogo.

Baba Dishi
Sawa, lakini mnara ukimhamishia Band 3, 1800 MHz? Dishi hapo lina 18 dBi na zaidi, Yagi ya 800 inabaki kijiti cha kuanikia nguo.

Fundi Masafa
Hoja yako ina nguvu. Mkulima, je, Band inabadilika?

Mkulima wa Kilolo
Nimeiangalia usiku. Ikiwa dirishani ni 20 muda wote. Nilipoipandisha juu ya tangi la maji ikashika Band 3 dakika chache, RSRP -117, ikarudi 20.

Fundi Masafa
Mipaini inaumiza 1800 zaidi kuliko 800, mvua ikishalowesha majani ndiyo usiseme. Ningefunga Yagi na kuilazimisha ruta ibaki Band 20, kama menyu yake inaruhusu.

Baba Dishi
Na jioni watu wote wa kijiji wakiwa Band 20 hiyohiyo?

Fundi Masafa
Hapo hata antena ya milioni haisaidii, mnara umejaa. Mkulima, pima saa kumi alfajiri na saa mbili usiku, ruta ikiwa palepale. RSRP ikilingana lakini kasi ikaanguka usiku, usinunue kwanza.

Mkulima wa Kilolo
Nitapima leo usiku na kesho alfajiri. Muuzaji anasema ana antena nyingine ya vijiti, mifupi kwenda mirefu, eti inashika 800 na 1800 zote. Ni kweli?

Fundi Masafa
Ni kweli inashika zote, ila nguvu yake iko chini ya Yagi ya urefu uleule. Leta vipimo kwanza.