Tenki jipya linavuja: nimwandikie fundi barua, au nilete fundi mwingine?

MamaZawadi_Goba
Habari wadau. Fundi amenifungia tenki la plastiki la lita 2000 juu ya mnara. Ufundi tulikubaliana laki 4, nimeshalipa laki 2 na nusu, na kwenye karatasi tuliyosaini kaandika dhamana ya miezi 6. Siku ya nne maji yakaanza kuchuruzika pale bomba la kutolea linapoingia kwenye tenki. Anasema nimmalizie hela kwanza ndipo aje. Nizuie hela nimwandikie barua, au hela hiyo nimpe fundi mwingine?

Kisukuma77
Lete mwingine. Hiyo ni washa ya mpira tu, nusu saa kazi imekwisha. Au rudisha tenki dukani, lina dhamana ya kiwanda.

FundiBomba_Tegeta
Dada, usimruhusu mtu mwingine kufungua hapo kwanza. Akishagusa, yule wa mwanzo atasema mwenzake ndiye aliyeharibu, na dhamana yako imeishia hapo. Ya kiwanda nayo ni ya mwili wa tenki, maungio ni ya aliyefunga.

Leo usiku funga koki ya kutolea na ile ya kuingizia, weka alama usawa wa maji. Asubuhi yakiwa yameshuka, uvujaji uko kabla ya koki. Kisha chungulia chini: kitako chote kimekalia zege, au ukingo unaning'inia? Likijaa lina tani 2. Likiinama, au bomba likikosa kishikizo, maungio yanavutwa na washa mpya itavuja tena.

Babu_Chanika
Langu pia lilikuwa linamwaga kila usiku. Kumbe boya limekwama.

FundiBomba_Tegeta
Mzee wangu, hilo lako lilikuwa linafurika juu. La huyu linavuja chini.

MamaZawadi_Goba
Nimepima. Koki zote zimefungwa, maji yameshuka vidole vinne. Ukingo wa upande wa bomba unaning'inia nje ya zege. Nimepiga picha na kuandika hivi:

"Fundi, salamu. Tenki ulilonifungia linavuja kwenye maungio ya kutolea, kabla ya koki, na halijakaa lote kwenye zege. Picha naambatanisha. Kwa dhamana yako ya miezi 6, naomba uje ndani ya siku 7 ulikalishe sawa na kufunga maungio upya bila malipo. Laki 1 na nusu iliyobaki nitakupa likishakaa limejaa siku 2 bila kuvuja. Siku 7 zikipita, nitaleta fundi mwingine na gharama yake nitaikata humo."

Kisukuma77
Hapo sawa, ya kukalisha tenki sikuiwaza. Ila siku 7 ni nyingi, ukuta unaloa.

FundiBomba_Tegeta
Punguza maji mpaka chini ya maungio, ukuta utapona. Barua mpe mbele ya mjumbe, nakala asaini. Ila mnara alijenga nani? Kama si yeye, hapo atabisha.

MamaZawadi_Goba
Mnara alijenga mwashi wangu. Vipimo ndiye fundi aliyempa, kwa mdomo.