"Unanunua, au unafutia mikono?" Leo nimetukanwa dukani Mchangani, na mwenyewe nyote mnamjua

UdiWaJioni (mwenye uzi)

Jamani ndo kwanza nimevua buibui, hata maji sijanywa. Naandika huku mikono inanitetemeka, mkiona herufi zimeruka mnisamehe.

Yule bwana wa duka la kanga Mchangani. Simtaji. Duka lenye feni mbili, moja imekufa tangu Mapinduzi. Nyote mnamjua, na kama humjui basi hujavaa kanga.

Nimeingia saa nne asubuhi. Nikatoa salaam kama nilivyofunzwa na bibi yangu, "Assalaam alaykum", kwa sauti, hata muuza kahawa wa ng'ambo ya njia akaitikia. Yeye kimya. Kanitizama kuanzia kandambili mpaka mtandio, kisha akarudi kwenye simu yake. Nikasema haya, labda ana machungu yake, hatujui watu wamelala vipi.

Nikaiona doti moja, pindo la zambarau, mji wa manjano, jina lake "Japo sipati tamaa sikati". Nikanyoosha mkono. Nimeishika ncha tu wallahi, ncha! Nataka nijue uzito wake. Ndipo kinywa kilichoshindwa kuitikia salaam kikafunguka:

"Unanunua, au unafutia mikono?"

Mbele za watu. Mlikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake, na yule mtoto akacheka. Mtoto wa miaka sita kanicheka, na mie nina mtoto yuko skuli kidato cha pili.

Unafutia mikono! Mikono yangu mie! Mie ambaye kwetu tunanawa hata kabla ya kunawa! Nimetoka mle duka zima linazunguka isipokuwa ile feni.

Nauliza, hivi karibu imekuwa ikilipiwa kodi siku hizi? Neno moja tu, "karibu", lingemtoa jino? Na kama sinunui, kanga imepungua nini kwa kushikwa? Unafutia mikono. Nitakufa nalo hili neno.

MtotoWaNgambu

Pole shoga. Lakini swali moja la nia njema. Kabla ya kuingia ulikuwa umeshika nini?

UdiWaJioni

Hilo halihusiani na mada.

MtotoWaNgambu

Limehusiana hahaaa. Sema.

UdiWaJioni

Nilipita Darajani kwanza. Nilikuwa na mfuko wa pweza. Lakini ulikuwa mkono WA KUSHOTO na kanga nimeshika kwa wa kulia. Mambo mawili tofauti.

Yakhe_wa_Wete

Hahahahaa pweza! Bwana wa watu kaona doti yake inakwenda kuwa mchuzi.

Kwetu Pemba haya hayapo. Ukiingia duka lolote Wete unaulizwa hali yako, ya mama yako, na mikarafuu imezaa vipi mwaka huu. Ukitoka umesahau ulifuata nini.

Mlango_Wazi

Dada yangu, salaam anaitoa anayeingia, maana anayetembea ndiye humwamkia aliyekaa. Wewe ulifanya wajibu wako. Kwa hiyo mwenye duka hakuwa na lazima ya kusema lolote, unamwonea.

Bi_Kisutu

Umesoma nusu ya ukurasa mwanangu. Kuanza ni juu ya anayeingia, lakini kuitikia ni juu ya aliyekaa, na kuitikia ndiko kwenye lazima. Hapo bwana huyu kakosa kabla ya kukosa.

Mzee_wa_Kaunta

Assalaam alaykum nyote. Nimekaa nyuma ya meza ya kanga tangu 1994, kwanza kwa marehemu baba kisha langu mwenyewe. Huyu anayesemwa si mimi, feni zangu zote zinazunguka.

Bibi, niliyoyasoma yamenikera kwa sababu moja, kwamba kaudhika na mkono. Kanga hununuliwa kwa mkono. Nguo mpya ina dondo, na dondo huifanya nguo nyepesi ionekane nzito. Mnunuzi anayejua hushika ncha, akaisugua kwa vidole viwili mpaka lile gumugumu lilegee, ndipo akaijua nguo yenyewe. Kisha ataiinua kwenye mwanga aone kama inapitisha, na atageuza pindo aone rangi imeingia mpaka nyuma au imelala juu tu. Mtu anayefanya hivyo anakaribia kununua kuliko yule anayesimama mlangoni akasema "nzuri". Bwana huyu kamfukuza mnunuzi wakati anapima.

Mimi nilivyofunzwa na baba ni hivi. Mtu akiingia, itikia salaam yake yote na umtizame usoni. Sema "karibu, tizama kwa nafasi yako", mara moja. Halafu, hapa ndipo vijana wangu huwa wanashindwa, ipe mikono yako kazi. Kunja doti, panga rafu, andika daftari. Mteja akiona una shughuli anajua hayupo mtihanini. Ukimkodolea macho huku umesema tizama, umemwambia maneno mawili yanayogombana. Na usisimame baina yake na mlango, mtu asiyeona njia ya kutokea hatizami nguo, anatizama njia.

Unanyamaza mpaka lini? Mpaka yeye akupe alama. Akirudia doti ile ile mara ya pili, au ukimwona midomo inacheza anasoma jina, hapo una ruhusa ya neno moja. Na neno liwe la nguo, lisiwe la pesa. "Hiyo ninayo na ya kijani." Basi. Akisema "natizama tu", unamwambia "tizama, ndo zimetundikwa kwa hilo", na unarudi kweli kwenye kukunja. Siyo unarudi hatua moja.

Mlango_Wazi

Mzee, na ukimpa soda? Mie ningekuwa na duka kila anayeingia ningempa soda baridi, ajisikie mgeni.

Mzee_wa_Kaunta

Soda kabla ya kununua ni deni, mwanangu. Keshainywa, ataondokaje? Atanunua doti asiyoitaka, na hatorudi, kila akipita atavuka ng'ambo ya njia. Vile vile kumfunulia mtu doti kumi hakukuomba. Unaona unamkirimu, yeye anahesabu kazi aliyokutia. Mimi nafunua ninayoambiwa nifunue. Kahawa inakuja tukishaanza kuvutana bei, hapo sote tuna sababu ya kukaa.

MtotoWaNgambu

Lakini mzee, saa nne asubuhi. Huenda alikuwa hajafunguliwa biashara. Wapo wanaoamini mteja wa kwanza akitoka mikono mitupu siku nzima ina nuksi. Mjomba wangu ana duka Mlandege, wa kwanza anamshikilia mpaka na mkono wa buibui: "niungishe, niungishe japo kitambaa".

Bi_Kisutu

Hilo lipo. Ndiyo maana mie siingii duka la nguo kabla ya saa tano. Sina nguvu ya kubeba riziki ya mtu asubuhi asubuhi.

Mzee_wa_Kaunta

Baba alikuwa nalo hilo, sitamsema vibaya. Mimi nililiacha. Lakini siku ya mkesha wa Idi sijisifu, duka limejaa, siwezi kumkaribisha kila mtu. Natupa jicho na kichwa, aliye nyuma ajue nimemwona. Hilo nalo lina faida nyingine: mwizi hapendi kusalimiwa. Aliyesalimiwa keshaonekana.

UdiWaJioni

KWA HIYO mie niliyenyimwa salaam nilidhaniwa mwizi AU nilidhaniwa kitambaa cha meza? Maana "unafutia mikono" jamani. Unafutia. Mikono.

Yakhe_wa_Wete

Ya pweza.

Kijana_Mjini

Mnahangaika bure. Bandika bei kwenye kila doti, mambo kwisha. Mtu anasoma, anaweza au hawezi, hakuna kuulizana. Duka la mpwa wangu wa simu ndivyo lilivyo.

Mzee_wa_Kaunta

Nilijaribu. Watu walisoma kibandiko wakatoka bila ya kushika nguo. Bei isiyosemwa na mtu haina pa kuvutia.

Kijana_Mjini

Basi walikuwa hawana pesa, umewaokolea muda.

Bi_Kisutu

Mie napenda kibandiko. Mzee nisamehe. Wengine tunaona haya kuuliza bei halafu kusema ghali.

Mzee_wa_Kaunta

Hapo sina jibu, bibi. Nitafikiri.

Kahawa_Chungu

Naona mnasema kanga, hamjasalimiwa na wauza vinyago wa Mkunazini nyinyi. Mie mzaliwa wa Malindi, siku hiyo nimevaa kofia ya jua na miwani tu, kijana kanifuata hatua hamsini: "Jambo! Jambo rafiki! Njoo tizama, kutizama bure!" Nikamjibu "mwanangu, mie babako namjua". Kakata kona kama kapigwa mawe. Mgeni anaitwa rafiki kwa lugha tatu na mwenyeji anaulizwa kama anafutia mikono. Ndipo tulipofika.

Bi_Kisutu

Na lile "jambo" lenyewe! Nani katika nyinyi huamkiwa "jambo" nyumbani kwao?

Yakhe_wa_Wete

Pemba hatuna.

MtotoWaNgambu

Pemba hamna hata duka, yakhe, mnauziana kwenye baraza.

Yakhe_wa_Wete

Futa hilo neno. Chake lina maduka kuliko uliyowahi kuingia.

Abiria_wa_502

Nyie mnalalamika maduka? Leo konda wa gari ya Bububu hajatoa salaam, hajatoa karibu, kanisukuma ndani kwa bega, halafu kaniuliza mie "mbona umejibana?" Tulikuwa wanne kwenye kiti cha watatu na kuku.

Kijana_Mjini

Kuku wa nani?

Abiria_wa_502

Ndo swali. Hakuna aliyekubali kuku.

Kahawa_Chungu

Juzi nilipanda gari hiyo, kuku alikuwepo. Mweusi, mguu umefungwa kamba nyekundu?

Abiria_wa_502

HUYO HUYO.

UdiWaJioni

Jamani uzi wangu. Nimetukanwa mie.

Bi_Kisutu

Tumesikia mwanangu, pole. Sasa hiyo doti ya "Japo sipati", ulisema pindo ni zambarau? Dondo uliwahi kuisugua kabla hajakusema?

UdiWaJioni

Niliwahi. Nzito. Nguo ile nzito wallahi, na rangi imeingia mpaka nyuma.

Bi_Kisutu

Basi kesho napita, saa tano. Nina shughuli ya arusi mwezi huu.

UdiWaJioni

Nichukulie na mie moja. Usiseme ni ya nani.

Abiria_wa_502

Kuna mtu kamkomboa yule kuku lakini?