Ushauri: Rauta ya faiba dukani, nibonyeze kitundu cha RESET au nisubiri?

dada_stesheni: Habari wakuu. Nina stesheni ndogo, natumia intaneti ya faiba. Tangu juzi waifai inashika vizuri ila hakuna tovuti inayofunguka, si kwenye simu wala kompyuta. Taa za rauta ni kijani, ile ya LOS haijawaka, na malipo ya mwezi nimeshafanya. Kijana wa jirani anataka abonyeze kitundu cha RESET kwa pini. Naogopa, maana printa na mashine ya kamera zimeungwa humo na fundi aliyefunga hapatikani tena. Nitapoteza nini? Niandike nini kwanza?

mzee_wa_soketi: Chomoa umeme, kaa dakika tano, chomeka. Ndiyo riseti hiyo hiyo, msitishane.

fundi_kebo: Kuanza na kuzima ni sawa mkuu, ila si kitu kimoja. Ukizima, mipangilio inabaki. Kitundu kinairudisha rauta ilivyotoka kiwandani: jina na nywila ya waifai, nywila ya kuingilia mipangilio, akaunti ya PPPoE ambayo rauta huingilia kwenye mtandao wa kampuni, vyote vinafutika. Kwa hiyo kinatibu mipangilio iliyovurugika tu. LOS ingekuwa inawaka nyekundu, shida ingekuwa kwenye waya wa faiba, na hapo ungebonyeza mpaka kesho bila faida. Dada, kwenye kompyuta fungua Command Prompt, andika hizi moja moja:

```
ping 1.1.1.1
ping google.com
```

dada_stesheni: Ya kwanza imeleta Reply mara nne. Ya pili inasema could not find host.

fundi_kebo: Basi intaneti unayo, kilichokufa ni DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Mara nyingi kuna mtu aliweka namba za DNS kwa mkono ndani ya rauta na sasa hazijibu. Kwa leo usiguse kitundu. Weka 8.8.8.8 kwenye mipangilio ya DNS ya kompyuta yenyewe, wateja wahudumiwe. Ukipata nafasi ingia 192.168.1.1, tafuta sehemu ya DHCP, urudishe DNS iwe ya kujipangia.

dada_stesheni: Kompyuta imekubali! Simu bado. Ila 192.168.1.1 inakataa nywila. Nimejaribu ya kwenye stika, nimejaribu na ya waifai.

fundi_kebo: Fundi wako aliibadilisha. Sasa ndipo riseti ina sababu, maana mlango mwingine hakuna. Tatizo ni kwamba jina na nywila ya PPPoE viko humo ndani na huwezi kuvisoma. Hata ungeingia, nywila huonekana nukta tupu. Wapigie kampuni kabla hujashika pini, wakupe jina la akaunti, nywila, na VLAN ID, yaani namba ya njia ya intaneti ndani ya faiba yao, kama wanatumia. Kisha andika jina la waifai na nywila yake herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Ukiyarudisha vilevile, simu na printa zitaunga zenyewe. Piga picha stika ya chini pia.

kijana_wa_tabata: Mbona mimi niliriseti yangu, baada ya dakika chache ikarudi hewani yenyewe? Sikuandika chochote.

fundi_kebo: Kampuni nyingine hutuma mipangilio kutoka kwao rauta ikiwaka upya. Yako ilikuwa hivyo. Ya dada hatujui, aulize.

babu_laini: Mimi yangu ni ya laini ya simu. Nimeriseti ili ishike laini za mitandao yote, imegoma. Nishike pini muda mrefu zaidi?

fundi_kebo: Hata ukishika saa nzima. Kufuli la mtandao haliko kwenye mipangilio inayofutwa na kitundu. Tena kama APN iliandikwa kwa mkono, itabidi uiandike upya.

dada_stesheni: Kampuni wamenipa jina na nywila. VLAN wanasema haina haja. Na kamera je?

mzee_wa_soketi: Kamera haziguswi, zinarekodi kwenye diski yao.

fundi_kebo: Kurekodi kweli zitaendelea. Kuziangalia kwa simu ukiwa nyumbani ndiko kunaweza kukatika, kama fundi alifungua pot kwenye rauta. Nenda kwenye skrini ya kamera, sehemu ya Network, uandike IP na Gateway. Ikiwa rauta ikitoka riseti inaanzia 192.168.0.1 na mashine imewekwa 192.168.1.50 kwa mkono, hazitaonana mpaka urudishe anwani ya rauta kama ilivyokuwa. Kuhusu VLAN mimi sijaridhika. Waombe wakuandikie kwenye meseji.

dada_stesheni: Nimepata 192.168.1.64. Nitabonyeza Jumapili duka likiwa limefungwa.

fundi_kebo: Jumapili huduma kwa wateja wao wanapokea simu? Kama hawapokei, fanya asubuhi ya Jumatatu. Rauta iwe imewashwa, shika pini kama sekunde 10 hadi taa zizime kwa pamoja, uachie, na usichomoe umeme mpaka zitulie. Angalia usikosee ukabonyeza WPS.

kijana_wa_tabata: Ukimaliza rudi utuambie kama VLAN ilihitajika.