Naomba ushauri: maneno ya kuchapa kwenye fulana, vijana wayakubali na mzazi asikunje uso

Mwana_wa_Buguruni
Wakuu, habari za jioni. Naanzisha chapa ya fulana za vijana wa miaka 14 hadi 20 hapa Dar. Wavaaji ni wao ila hela ni ya mzazi, na pale Kariakoo mtoto mara nyingi anakuja na mama yake. Nimebaki na maneno matatu ya kifuani: UMEUA, TUPIA PAMBA na UMETOKELEZEA. Wadogo zangu wanataka UMEUA. Mama mmoja aliona sampuli yake, akairudisha kwenye henga bila hata kuuliza bei. Nataka neno la mtaani kweli, lakini mzee akilisoma asione anaharibiwa mtoto.

Mzee_Kipara
Maneno ya mtaani yanakufa haraka, mwakani utabaki na mzigo stoo. Andika Kiswahili sanifu: VAA KWA HESHIMA.

Mwana_wa_Buguruni
Shikamoo mzee. Hiyo hata mimi sinunui, nitadhani ni bango la shule.

Nairobi_Drip
Weka LUKU SAFI bro. Huku kila mtu ataelewa ni mavazi.

Chapa_Mwenge
Huko sawa. Huku LUKU ni umeme, mzazi atauliza kama fulana inakuja na tokeni.

Mwana, mimi nachapa nguo miaka mingi, nikuambie ninavyoliona. Wazee si wageni wa nguo inayosema. Wamekulia kwenye kanga, na jina la kanga kila siku lina masikio mawili: mpita njia anasoma methali, jirani aliyelengwa anajua kapigwa kijembe. Kwa hiyo fumbo haliwasumbui. Kinachowasumbua ni pale maana ya juu, ile ya kusomwa na yeyote, inapokuwa mbaya au haipo kabisa.

Pima maneno yako hivyo. UMEUA, maana yake ya juu ni kosa la jinai kifuani mwa mtoto wa fomu two. TUPIA PAMBA, asiyejua mtaa atauliza atupie wapi, jalalani? UMETOKELEZEA, hata asiyejua anasikia umejitokeza, umeonekana. Hajafika mtaani, lakini hajapotea.

Halafu angalia nani anaongea. Fulana inamsemesha anayeitazama. NIMETOKELEZEA ni mtoto anajisifu mbele ya mama yake. UMETOKELEZEA, mtoto anamsifia mama. Dukani hiyo ni tofauti kubwa.

Mama_Junior
Mimi mwanangu alinunua fulana ya mtumba ina maneno ya Kizungu, akaivaa mpaka msibani. Shemeji ndiye aliyetuambia ni tusi. Yaani hapa mnagombana na Kiswahili ambacho angalau tunakisoma! Hiyo ya tatu mimi ningenunua. Mnazo za saizi ya mtoto wa miaka 9?

Mwana_wa_Buguruni
Bado mama, tutafika huko. Chapa_Mwenge, nimekuelewa. Sasa PAMBA peke yake je? Ni fupi, na wazee wote wanalijua.

Chapa_Mwenge
Kitambaa chako ni nini?

Mwana_wa_Buguruni
Poliesta nyingi, pamba kidogo.

Chapa_Mwenge
Basi hapana. Kijana atasoma mavazi, mama atasoma malighafi. Akiifua akaona haifyonzi maji, atasema umemdanganya, na atakuwa na haki. Tena ukitaka kusajili alama BRELA, neno linalotaja kitu chenyewe au malighafi yake ni gumu kupita kwa bidhaa za nguo. Hata la sifa tupu kama UMETOKELEZEA usilitegemee kuwa mali yako. Sajili jina la chapa yako, maneno ya kifuani yabaki maneno.

Mzee_Kipara
Lakini hoja yangu ya kufa kwa maneno hujaijibu.

Chapa_Mwenge
Kweli mzee, mengine yanakufa. Ila ona "poa" na "bomba", siku hizi hata wewe unayasema. Neno lililojengwa juu ya kitenzi cha kawaida likichuja mtaani, ile maana ya kawaida inabaki. Hofia yale ambayo bila mtaa hayana kitu. Na usichape mzigo mkubwa mara moja.

Shida yangu na UMETOKELEZEA ni urefu. Herufi 12. Kwenye nafasi ya sentimita 28 kila herufi inapata kama sentimita mbili na kidogo, na mzee wa miwani hatalisoma akiwa upande wa pili wa kaunta. Ukilikata mistari miwili, UMETOKE juu na LEZEA chini, umeliua kweli.

Mwana_wa_Buguruni
TOKELEZEA je? Zinabaki 9.

Chapa_Mwenge
Inasomeka vizuri, ila sasa ni amri, ile sifa kwa mama imeondoka. Mimi ningelipeleka refu mgongoni, bega kwa bega, herufi nyembamba ndefu.

Nairobi_Drip
Mgongoni hapana, kwa selfi haitaonekana.

Mwana_wa_Buguruni
Hapo kweli kuna kazi. Nachapa sampuli mbili, moja mgongoni na moja fupi kifuani. Nitawapa kina mama wa pale dukani wazisome kwa sauti bila mimi kueleza chochote, halafu naleta picha hapa.