Naomba ushauri: uso niliobandika unatetemeka kwenye video

Wakuu, kwenye filamu yetu fupi nimebandika uso wa mwigizaji juu ya mwenzake aliyeruka ukuta kwa niaba yake, wote wameridhia. Video ni fremu 25 kwa sekunde. Hata akitulia uso unacheza, kwa sababu alama za macho, pua na mdomo zinatafutwa upya kila fremu na hazitui palepale.

Nikatumia wastani wa fremu 5 za mwisho. Mtetemo ukaisha, ila akigeuka haraka uso unabaki nyuma ya kichwa kama fremu 2, inaudhi sana!

Sasa najaribu One Euro Filter, inayolainisha zaidi kichwa kikitulia na kulegeza kikienda kasi. Nipunguze `min_cutoff` kwanza, ndipo nipandishe `beta`? Na rangi ya ngozi inayomweka mnaituliza vipi?