Tafakari ya Farisayo imesomwa na Farisayo mwenyewe!

Mkaa Nyuma: Jamani, nimetoka jumuiya sasa hivi, natetemeka. Yule mtu wetu (mnamjua, simtaji) kapewa tafakari ya wiki, Luka 18:9-14, Farisayo na mtoza ushuru. Kaongea mpaka mbu wakashiba wakaenda kulala. Halafu kanyoosha kidevu kuelekea ua wa jirani: "Tumshukuru Mungu sisi si kama hao wa kelele za usiku." MANENO YA FARISAYO! Kwenye somo la Farisayo! Na jirani mwenyewe, mama wa Kilokole aliyetuazima viti vya plastiki, yuko bombani anajaza ndoo. Kasikia yote. Kile kidevu, jamani!

Kiroboto: Pole. Ila na wewe umekuja hapa kushukuru kwamba si kama yeye 😂

Mkaa Nyuma: Mimi sijamnyooshea mtu kidevu!

Babu Katekista: Angeanza na mstari wa 9 angepona. Luka anasema wazi mfano uliwalenga waliojiona wenye haki na kuwadharau wengine. Basi unawauliza walioketi mbele yako, na wewe ukiwemo: wiki hii nimemdharau nani? Unanyamaza, unakaa. Wengi wanarukia mstari wa 14, kujikweza na kushushwa, kisha wanatafuta wa kumshusha.

Dada Mkweli: Farisayo alikuwa mwongo tu, anamdanganya Mungu mchana kweupe.

Babu Katekista: Hapana, binti yangu. Yesu hasemi kwamba alidanganya. Kufunga mara 2 kwa juma kulizidi hata Torati ilivyodai, na zaka alitoa. Itazame sala yake: hajaomba chochote. Kahesabu mema yake, kamtazama wa nyuma. Mwenzake kaomba kitu kimoja tu, rehema, na ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Msafiri88: Huyo si ndiye aliyepanda mkuyu?

Kiroboto: Huyo Zakayo, sura ya 19. Shuka mtini, kaka.

Jirani wa Spika: Tusemezane ukweli, spika zinalia hadi saa 9 usiku. Mtu anyamaze?

Babu Katekista: Aende akabishe hodi kwake, waongee. Kwenye tafakari yule mama hana nafasi ya kujibu.

Jirani wa Spika: Nilishabisha hodi. Nikaombewa mapepo.

Mkaa Nyuma: Lakini kidevu, wakati umekalia kiti chake!

Mama Bahasha: Afadhali nyie. Kwetu katikati ya tafakari yanasomwa majina ya wasiotoa mchango wa ujenzi. Eti zaka imo mstari wa 12!

Kiroboto: Mstari wa 12 anayesema ni Farisayo 😂😂

Mama Bahasha: Kamwambie wewe. Kila kaya elfu 10 na risiti hatuoni.

Msafiri88: Risiti? Kumbe kuna wanaopewa risiti?