Naomba ushauri: nimwandikie nini ofisa udahili?

Habari zenu wakuu. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL: Kiswahili C, Historia D, Kiingereza E. Kwa hesabu ya TCU, C ni pointi 3 na D ni 2, hivyo masomo mawili yananipa 5, na kima cha chini ni 4. Ila hicho ni kizingiti cha jumla tu. Nataka sheria, na nasikia kila kozi ina masharti yake. Hiyo E ya Kiingereza ndiyo inaninyima usingizi. Niiulizie wazi kwenye barua pepe, au nitajichoma mwenyewe?

Pili, ufadhili. Mkopo najua unaombwa HESLB, siyo chuoni, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA. Changu kimeandikwa "Saidi", cha kidato cha nne "Said". Herufi moja tu hiyo! Nianze na marekebisho RITA au niombe hivyo hivyo? Na je, ofisi ya udahili hujibu maswali ya ufadhili wa chuo chenyewe?

Mwisho, nikikosa awamu ya kwanza, sheria huwa bado ina nafasi awamu ya pili? Waliopita huko naombeni mnijuze.